Wakili wa shemeji anataka niape kwamba marehemu aliacha mila zote

*Mama Wakili, shikamoo. Mimi ni fundi magari hapa Tanga. Mwaka jana mwezi wa tano alifariki rafiki na bosi wangu, Msukuma wa Shinyanga, aliyehamia huku mwaka 1988. Nilianza kama utingo wake mwaka 1991, na tangu afungue gereji mwaka 2003 nimefanya kazi kwake. Mpaka leo bado niko humo. Ameacha mke, Msambaa waliyefunga naye ndoa kanisani mwaka 1995, na watoto wanne: mabinti watatu na wa mwisho wa kiume. Hakuandika wosia.*

*Shemeji amefungua mirathi Mahakama Kuu. Kaka wa marehemu ameweka pingamizi, anadai ndugu yake alikuwa Msukuma na mali igawanywe kimila. Karani wa wakili wa shemeji ameniletea hati ya kiapo iliyokwisha chapwa: "Marehemu aliishi maisha ya kisasa, aliachana kabisa na mila za kabila lake, na alikusudia mali yake yote iwe ya mkewe." Nisaini tu.*

*Mama, mimi namjua yule mtu. Baba yao alipofariki mwaka 2011 alikwenda kwao wiki tatu, wakafanya na tambiko. Kila mwaka alimtumia kaka yake hela za ng'ombe. Alikuwa akisema nikifa nirudisheni kwetu, na ndiko alikozikwa. Lakini pia siku moja gerejini, wakati anatafuta ada ya chuo ya binti wa pili, aliniambia, "Mimi sitaki mtu aje awaambie wanangu wa kike hawana sehemu. Kwangu hiyo sheria haipo." Karani anasema haya ya tambiko na kuzikwa niyaache, yataharibu kesi. Kaka wa marehemu naye ni mtu wangu, nimekula kwake. Niandike nini nisimdhulumu mjane na nisiape uongo?*

*Fundi, Tanga*

Marahaba, kaka. Usiisaini hiyo karatasi. Imebeba madai matatu, na hakuna hata moja ambalo wewe uliliona kwa macho au kulisikia kwa masikio yako. La tatu, kwa uliyonieleza mwenyewe, si kweli: marehemu hakukwambia kwamba mali yote ni ya mkewe. Alisema jambo jingine, na hilo alilosema lina uzito kuliko hilo walilomtungia.

Nianze na swali ambalo Jaji atakuwa nalo kichwani, maana ukilijua utaelewa kila sentensi ya ushahidi wako inakwenda wapi. Hukuitwa ueleze nani anastahili nyumba. Unaitwa umsaidie Jaji kujua mirathi ya mtu huyu iende kwa sheria ipi. Hapa Tanzania Bara hatuna sheria moja ya kugawa mirathi ya kila mtu. Mwafrika aliyekufa bila wosia, mwenye kabila ambalo mila zake za urithi zinajulikana, huanzia kwenye mila. Hutoka huko pale tu inapoonekana, kwa namna alivyoishi, kwamba mambo yake hayakuwa yakiendeshwa kimila. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, inapomzungumzia Mwislamu mwenye kabila, inataka yaangaliwe matamshi yake ya mdomo au ya maandishi, matendo yake na namna alivyoishi, ili ijulikane kama alikusudia mirathi yake ifuate sheria ya Kiislamu. Kwa Wakristo nao majaji wamekuwa wakipima kwa mizani hiyohiyo miwili: mtu aliishije, na alikusudia nini. Kusudio linalotafutwa hapo ni kuhusu sheria ya kufuatwa. Halihusu kitanda kiende kwa nani na gari liende kwa nani. Karani aliyekuandikia amelichanganya.

Kinachogombaniwa ni kikubwa, na ni haki ukijue kabla hujaapa. Mila za urithi za makabila yanayofuata upande wa baba, Wasukuma wakiwemo, ziliandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Humo warithi wamepangwa kwa madaraja. Mtoto mkubwa wa kiume wa nyumba kubwa, yaani ya mke wa kwanza, yuko daraja la kwanza na fungu lake ndilo kubwa, watoto wengine wa kiume wako la pili, na mabinti wako la tatu na hupata kidogo kuliko wote. Mjane, ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake, hana fungu. Fungu lake, inasema kanuni, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mirathi isipokwenda kimila, na marehemu hakuwa Mwislamu, inatumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo tuliirithi toka enzi za ukoloni. Kwa sheria hiyo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na theluthi mbili zinagawanywa sawa kwa watoto wote bila kuangalia nani wa kike nani wa kiume.

Chukua mfano tu wa mali iliyobaki baada ya madeni, tuseme milioni 90. Kwa sheria hii ya pili shemeji yako anapata milioni 30, na kila mtoto milioni 15. Kwa mila, shemeji hana lake, na mtoto wa kiume, ingawa ni kitindamimba, anawatangulia dada zake wote watatu. Unaona sasa kwa nini pande zote mbili zinakukimbilia. Na unaona pia kwamba hata shemeji akishinda hatapata mali yote, kwa hiyo ile sentensi ya "mali yote iwe ya mkewe" haimsaidii hata yeye. Wakili wa upande wa pili ataishika, akuulize marehemu alikwambia lini maneno hayo, na ukishindwa kujibu atayatilia shaka na yale ya kweli uliyoyasema.

Nimekaa mahakamani miaka mingi, na neno ambalo nimeliona likiwaangusha mashahidi wema kuliko uongo wenyewe ni hilo "maisha ya kisasa". Shahidi mmoja wa upande niliokuwa nikiusimamia alilitumia, jirani wa marehemu, mtu mzima mkweli kabisa. Kwenye maswali ya dodoso akaulizwa, kisasa ni nini? Akajibu kwamba marehemu alikuwa na nyumba ya bati na luninga. Akaulizwa tena, kijijini kwao marehemu hakuna nyumba za bati? Zipo. Hakuna luninga? Zipo. Basi, hakuwa na kingine cha kusema, kwa sababu neno lilikuwa limekaa mahali pa matukio, na matukio hakuyaandaa. Alikuwa ameishi jirani na yule mtu miaka kumi na saba na aliyajua mengi. Nililia siku ile, maana kosa lilikuwa langu, nilimwachia karani aandike.

Kwa hiyo wewe andika uliyoyaona, kwa tarehe au kwa alama ya wakati, na Jaji ndiye atasema kama huko ni kuishi kimila au siyo. Dini peke yake haitoshi. Ndoa ya kanisani ni tendo moja la maana, lakini Wakristo wengi wanaendesha urithi wao kimila na mahakama inalijua hilo. Kuna shauri la Mahakama Kuu la mwaka 1969 ambalo mawakili wote wa mirathi wanalitaja, la Innocent Mbilinyi. Marehemu alikuwa Mngoni aliyeoa mke Mchaga na kuishi mbali na kwao, na mahakama ilipoyatazama maisha yake kwa jumla ikaona mila za Kingoni si za kutumika katika mirathi yake. Zingatia hayo maneno, kwa jumla. Hakuna tendo moja linalofungua mlango lenyewe, yanapimwa yote pamoja.

Sasa tukae kwenye hati yako. Unaanza na wewe ni nani na umemjuaje, na hapa usijisifu wala usijipunguze:

"Nilimfahamu marehemu mwaka 1991 alipokuwa dereva wa lori na mimi utingo wake. Tangu mwaka 2003 alipofungua gereji hadi alipofariki nilifanya kazi kwake kama fundi. Bado nafanya kazi katika gereji hiyo, ambayo ni sehemu ya mali inayohusika na shauri hili."

Hiyo sentensi ya mwisho karani hatataka iwemo. Iweke. Riziki yako iko ndani ya mali inayogombaniwa, na Jaji ana haki ya kulijua hilo kutoka kwako kabla halijatoka kwa wakili wa kaka mtu kama siri iliyofichuliwa. Likitoka kwako, ni maelezo tu. Likitoka kwake, linakuwa sababu ya kutokukuamini.

Halafu nyumbani kwake. Watoto walizungumza lugha gani? Ulikuwa unaingia mara ngapi? Sikujui kiasi hicho, lakini tuseme ulikuwa ukienda Jumapili, basi kifungu kitasomeka hivi: "Nilikuwa nikienda nyumbani kwake Jumapili nyingi jioni. Watoto niliwasikia wakizungumza Kiswahili na wazazi wao. Marehemu nilimsikia akizungumza Kisukuma kwenye simu na kaka yake. Sijapata kumsikia akizungumza Kisukuma na watoto wake." Ona ilivyokaa. Hujasema watoto hawajui Kisukuma, maana hilo hulijui. Umesema ulichokisikia na usichokisikia, na mtu akikudodosa hapo huna cha kuogopa.

Kuhusu harusi, jiulize ulisimama wapi. Sijui dini yako. Kama ni Mwislamu na ulibaki nje ya kanisa, andika kwamba uliendesha gari, ukabaki nje, ukawaona wakitoka. Usiandike padri au mchungaji alisema nini ndani. Cheti cha ndoa kipo, shemeji atakitoa mwenyewe. Na kama unajua juu ya mahari, kwamba ililipwa na kwa kitu gani, andika pia, hata kama jibu ni ng'ombe. Watu wengi waliofunga ndoa kanisani walilipa mahari, na Jaji anajua.

Kisha kuna mwaka 2011, na hapa ningependa ukae kitako ukumbuke vizuri, kwa sababu naliona ndilo eneo zito kuliko yote katika barua yako na wewe umeligusa kwa kulihofia tu. Baba yao alifariki. Urithi wa baba uligawanywa vipi, na marehemu mwenyewe alifanya nini juu ya fungu lake? Mtu anaweza kuwa na nyumba Tanga, watoto chuoni na jina la ubatizo, lakini urithi wa baba yake ukapita kwa mila na yeye akaupokea hivyo bila neno. Huyo ameonyesha kwa tendo kwamba katika mirathi hasa anaitambua mila. Na mwingine anaweza kwenda, akazika, akakaa kwenye tambiko na wazee kwa heshima, kisha akasema fungu langu mpeni dada, akapanda basi akarudi. Kwa karani wako wote wawili "walifanya tambiko". Kwa Jaji wametofautiana kama usiku na mchana.

Je, alirudi na chochote? Alikueleza nini aliporudi? Zile hela za ng'ombe alizotuma kila mwaka, ng'ombe walikuwa wa nani: wake waliotunzwa kwa kaka, wa kaka aliyekuwa akisaidiwa dawa na malisho, au wa ukoo? Kama unajua, eleza umejuaje. Kama hujui, andika hivi: "Nilimwona akimtumia kaka yake fedha kwa simu na akaniambia ni za ng'ombe. Sijui ng'ombe hao walikuwa wa nani." Shahidi anayesema sijui mahali anapopaswa kusema sijui, maneno yake mengine yote yanapanda thamani. Nimeliona hilo mara nyingi mno kulitilia shaka.

Kwa hiyo ndiyo, tambiko liwemo na mazishi yawemo. Kwanza kwa sababu kiapo ni kiapo, na kuapa uongo ni kosa la jinai, na kuficha kwa makusudi ili Jaji aamini uongo ni ndugu yake huyo. Pili, kaka mtu alikuwepo. Ana picha, ana majirani, na kaburi liko uani kwake. Haya yatafika mahakamani upende usipende, na swali litakuwa kwa nini wewe, rafiki wa miaka yote hiyo, uliyaruka.

Lakini sikubaliani na karani kwamba yanaharibu kesi. Kutaka kuzikwa kwenu ni haja ya mwili kulala karibu na wazazi. Wanasheria tunazikwa kwetu, maprofesa wanazikwa kwao, na mali zetu zinagawanywa kwa sheria nyingine kabisa. Kumtunza kaka aliyebaki nyumbani ni udugu. Mwenye kupimwa hapa hatakiwi awe amelikana kabila lake. Kinachoangaliwa ni kama mambo yake ya maisha, na hasa ya mali na familia, yalikuwa yakiendeshwa kwa kanuni za kabila. "Aliachana kabisa" ni mzigo ambao karani amejitwisha bila kutakiwa, na akiubeba mbele ya picha za tambiko utamwangukia. Wewe andika tu: "Mwaka 2011 alikwenda Shinyanga kumzika baba yake, akakaa wiki tatu. Aliporudi aliniambia kwamba walifanya tambiko. Mimi sikuwepo." Sentensi ya mwisho usiisahau, maana hilo la tambiko hukuliona.

Mambo ya mali na familia ndiyo yajaze ukurasa mkubwa. Kiwanja cha gereji kilinunuliwa vipi, nani walikuwepo, mauziano yaliandikwa kwa jina la nani? Kama shemeji alitoa fedha na ulimwona akizitoa, sema kiasi na mwaka, kwa kuwa kabla ya kugawa cha marehemu lazima ijulikane kipi kilikuwa chake na kipi cha mkewe. Akiumwa au akisafiri, funguo na daftari la hesabu alimwachia nani: mkewe, binti, au alimpigia kaka yake aje asimamie? Alipogombana na mtu juu ya mali, alikwenda kwa wazee wa ukoo, serikali ya mtaa, au mahakamani? Mabinti aliwasomesha mpaka wapi, na je, aliwahi kuwanyima kitu akisema kitakuwa cha kijana? Hivi ndivyo mtu anavyoonyesha sheria anayoishi nayo bila kuitaja jina.

Haya, sasa maneno yenyewe ya gerejini. Yaandike kama alivyoyasema, katika alama za kunukuu, usiyasafishe. "Kwangu hiyo sheria haipo" ni maneno ya mtu anayeijua mila na kuikataa katika jambo hasa la urithi wa mabinti, na sijaona katika barua yako yote kitu kinachogusa kusudio karibu kuliko hapo. Ukiyageuza kuwa "marehemu alipinga mila kandamizi" umeyaua. Yatakuwa maneno yako, na kila mtu atasikia kuwa fundi haongei hivyo.

Yazungushie mazingira. Ilikuwa mwaka gani? Usipokumbuka tarehe, shika alama uliyonipa mwenyewe: alikuwa akitafuta ada ya chuo ya binti wa pili. Barua ya chuo ya yule binti ina mwaka na mwezi, na ikitolewa mahakamani itakaa sawia na kumbukumbu yako bila ninyi wawili kupanga. Alikuwa ameshika nini, mlikuwa wawili au alikuwepo kijana wa gereji? Kama alikuwepo mtu, mtaje, naye aitwe. Nini kilimfanya aseme? Mtu hasemi maneno kama hayo hewani, huenda alitoka kusikia habari za mjane wa mahali fulani, huenda simu ya nyumbani ilikuwa imekatwa dakika hiyo. Na alisema mara moja au alirudia miaka mingine? Mara moja ni mara moja, usiifanye kuwa mara nyingi. Halafu maliza kwa mpaka: "Hakuniambia nyumba au gereji iwe ya nani. Hakunionyesha wosia wala kuniambia kwamba ameuandika."

Jihadhari na neno wosia lenyewe. Wapo watakaokushawishi uyaite maneno hayo wosia wa mdomo. Wosia wa mdomo wa kimila una masharti yake, unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Maneno ya watu wawili kando ya injini hayafiki huko. Ukiyaita wosia yatapimwa kama wosia na yatatupwa. Ukiyaeleza kama kauli ya mtu kuhusu sheria asiyoitaka, yanabaki na kazi yake.

Kuna tofauti moja nataka uishike mpaka kizimbani. Marehemu alipokwambia neno, na wewe ukaja kulieleza, umelisikia kwa masikio yako, na Jaji anaweza kulipima. Shemeji alipokwambia kwamba marehemu alimwambia neno, hilo ni la shemeji, akaliseme mwenyewe. Usimbebee. Mashahidi wengi kwa huruma hubeba ya mjane, na mjane naye anapokuja kuyasema yanaonekana wamekaa wakafundishana.

Kwa upande wa karatasi yenyewe, hati ya kiapo huandikwa kwa vifungu vyenye namba, kila kifungu jambo moja. Isiwe na hoja za sheria, maombi wala hukumu. Ukikuta neno kama "hivyo mahakama iamue" au "pingamizi halina msingi", lifute, kwani vifungu vya namna hiyo huondolewa na wakati mwingine hati nzima inakwama. Mwishoni pana uthibitisho unaosema vifungu vipi unavijua mwenyewe na vipi umeambiwa na nani. Usome huo kwa makini, kwa sababu ndipo makarani huandika kwa mazoea kwamba yote unayajua mwenyewe, nawe ya tambiko uliambiwa. Utasaini mbele ya Kamishna wa Viapo, wewe na yeye mkiwa mmekaa pamoja, na paandikwe mahali na tarehe. Karatasi inayosainiwa gerejini kisha ikapelekwa kugongwa muhuri si kiapo. Ukiwa Mkristo utaapa, ukiwa Mwislamu utathibitisha. Omba nakala yako ukae nayo. Na kwa kuwa pingamizi limewekwa, shauri sasa linaendeshwa kama kesi ya madai, kwa hiyo tegemea kuitwa na kudodoswa juu ya kila kifungu. Ukiwa unasubiri zamu yako kaa nje ya chumba cha mahakama, usisikilize wenzako wanasema nini.

Mrudishie wakili, si karani, rasimu yako mwenyewe iliyoandikwa kwa mkono. Mwambie haya ndiyo ninayoweza kuyaapia. Wakili mzuri atafurahi. Asipokubali, usisaini, na ana hiari ya kutokukuita. Kumbuka kaka mtu naye anaweza kukuita, na maneno yako yatakuwa yaleyale.

Na huyo kaka usimkwepe. Mpigie kabla hajasikia kwa mtu. Usimsomee hati, mwambie tu kwamba umeombwa kueleza ulivyomjua ndugu yake, na kwamba ya mwaka 2011 na ya mazishi umeyaandika kama yalivyo. Ulikula kwake, anastahili kulisikia hilo kwa sauti yako.